Kunukuu sauti ya mahakamani: lini neno kwa neno, lini kusafisha

*"Ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili wa utetezi hapa Morogoro. Tumepata rekodi ya sauti ya saa 2 na dakika 40, kesi ya wizi wa usiku, mashahidi watatu wa upande wa mashtaka. Wakili anataka 'kila kitu kilivyosemwa', lakini nikiandika hivyo karatasi zinajaa 'eee' na maneno yaliyokatika, hazisomeki. Nikisafisha naogopa nitabadilisha ushahidi. Niandike ipi?"*

Andika zote mbili, ila kwa mpangilio: kwanza ya neno kwa neno, kisha ile iliyosafishwa itokane nayo. Kosa kubwa katika kazi hii ni kusafisha huku unasikiliza. Sikio linasikia kauli iliyovunjika, akili inaiunga, na vidole vinaandika kauli nzima ambayo shahidi hakuitoa. Ukishafanya hivyo, hakuna mahali palipobaki pa kukagua isipokuwa kurudi kwenye sauti yote.

Kabla ya hapo, elewa karatasi yako itasimama wapi. Mwenendo wa shauri ulioandikwa na hakimu na kutiwa saini ndio kumbukumbu ya mahakama, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kumbukumbu hiyo huchukuliwa kuwa sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Unukuzi wako ni nyaraka ya kazi ya ofisi. Kumbukumbu ya hakimu yenyewe kwa kawaida haiko neno kwa neno. Kwa kesi za madai hapa Tanzania, Amri ya 18 kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaelekeza ushahidi uandikwe kwa mtindo wa maelezo, si wa swali na jibu. Kesi za jinai zinafuata njia hiyohiyo, na hakimu ana hiari ya kuandika swali na jibu fulani kama lilivyo akiona lina uzito. Kenya nao wana utaratibu kama huo katika kifungu cha 197 cha Sheria yao ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Kwa hiyo maneno yaleyale ya shahidi yanaweza kuwa na sura tatu: sauti iliyoandikwa neno kwa neno, nakala uliyoisafisha wewe, na maelezo ya hakimu. Chukua mfano huu niliouunda kwa ajili ya jibu hili. Wakili wa utetezi anamdodosa shahidi wa pili wa mashtaka, SM.2.

00:41:12 WAKILI: Kwa hiyo hukumwona mshtakiwa akiingia ndani?
00:41:16 SM.2: Ndiyo.
00:41:18 WAKILI: Ndiyo nini?
00:41:19 SM.2: Nilimwona— eee, sikumwona akiingia. Nilimwona akitoka. [kimya, sekunde 4] Kama saa tatu hivi, tatu na nusu.
00:41:33 WAKILI: Kulikuwa na taa?
00:41:35 SM.2: Mm-mm. [sauti ya kukataa] Taa ya, ya jirani tu.
00:41:40 WAKILI: Umbali gani?
00:41:42 SM.2: Kama kutoka hapa mpaka pale.
00:41:46 HAKIMU: Hatua kama kumi hizo.
00:41:48 SM.2: Eh.

Mtu mwenye haraka angeisafisha hivi: "Sikumwona mshtakiwa akiingia. Nilimwona akitoka saa 3:30 usiku. Kulikuwa na taa ya jirani. Alikuwa umbali wa hatua 10." Inasomeka vizuri, na imeharibu ushahidi mahali pasipopungua patano. "Kama" na "hivi" zimetoweka, na makadirio yamekuwa saa kamili. "Usiku" haumo katika kipande hiki. Huenda ulitajwa mapema, lakini hapa umeongezwa na mwandishi. "Mm-mm" ya kukataa taa imefutwa, na "tu" imekwenda nayo, kwa hiyo giza lililovunjwa na taa moja ya jirani limekuwa mahali penye taa. Hatua kumi ni makadirio ya hakimu ambayo shahidi aliyaitikia. Sasa zinaonekana ni kauli yake, tena bila "kama". Na kule kujirekebisha kwa shahidi, "nilimwona, sikumwona", hakuonekani kabisa.

Katika kesi yenu vitu hivyo ndivyo vyenye uzito kuliko vyote. Ushahidi wa kumtambua mtu usiku umekuwa ukipimwa na Mahakama ya Rufani tangu 1980 kwa maswali yaleyale: mwanga ulikuwa gani, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla. Neno "kama" na neno "tu" yanagusa maswali hayo moja kwa moja.

Sasa tazama lile jibu la kwanza, "Ndiyo". Hapa unukuzi wa Kiswahili una mtego wake wa pekee. Ukiulizwa "Hukumwona?" ukajibu "Ndiyo", kwa kawaida yetu unakubaliana na kauli ya muulizaji: ndiyo, sikumwona. Lakini shahidi aliyezoea maswali ya Kiingereza, au aliyebabaika, anaweza kuwa amekusudia "ndiyo, nilimwona". Katika nakala ya neno kwa neno huna la kuamua, unaandika "Ndiyo" na swali lililotangulia kama lilivyoulizwa. Katika nakala iliyosafishwa, usiijaze. Usigeuze "Ndiyo" kuwa "Ndiyo, sikumwona" hata kama una hakika. Wala usiligeuze swali la kukanusha kuwa la kawaida ili lisomeke vizuri, maana jibu litabaki vilevile na maana itageuka. Swali na jibu la namna hii huenda pamoja bila kuguswa katika nakala zote mbili.

Jamaa ya mtego huo ni zile sauti ndogo. "Ee" fupi ni kukubali, "eee" ndefu ni kutafuta neno. "Mm" ni kukubali, "mm-mm" kwa kawaida ni kukataa, na "aa-aa" pia ni kukataa ilhali "aaa" ni kusitasita. Anayefuta "sauti zisizo na maana" kwa mkupuo, kwa kutumia amri ya kutafuta na kubadilisha katika kompyuta, atafuta majibu kamili ya shahidi. Kwa hiyo wakati wa kuandika mara ya kwanza tenganisha tahajia zake: amua tangu mwanzo kwamba kukubali utaandika "ee" au "eh", kusitasita "eee", na kukataa "mm-mm" pamoja na maelezo kwenye mabano ya mraba. Ikiwa mlio wenyewe hauelewi, andika [mlio, haieleweki kama ni kukubali au kukataa]. Usikisie.

Mtego wa tatu uko kwenye herufi moja. Ukanushi wetu unakaa kwenye silabi ndogo ya mwanzo, na wasemaji wengi huimeza "h". "Hana" na "ana", "hajui" na "ajui", "hakulipa" na "akulipa": kwenye rekodi ya chumba chenye mwangwi, kipaza sauti kikiwa meza ya hakimu na shahidi mbali, tofauti hiyo hupotea. "Hakulipa" na "alikulipa" zikitamkwa haraka zinaweza kukukanganya pia. Unapokagua nakala yako usianze mwanzo ukasoma hadi mwisho. Anza na vitenzi vyote vya kukanusha, kisha tarakimu, kisha majina ya watu na mahali. Hapo ndipo kosa linapokaa bila kuonekana, kwa sababu sentensi yenye kosa husomeka vizuri tu.

Sasa kazi yenyewe. Usiguse faili ya asili. Tengeneza nakala ya kufanyia kazi, na uchukue alama ya faili ya asili ili baadaye muweze kuonyesha kwamba haikubadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike:

```
certutil -hashfile shauri_asili.wav SHA256
```

Mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu utakaotoka uandike kwenye jalada, pamoja na tarehe na jina la aliyepokea faili. Mkiipima tena mwakani na ikatoa mfululizo uleule, faili ni ileile.

Sikiliza dakika 10 za mwanzo bila kuandika, ili uzijue sauti. Tengeneza orodha ya wasemaji na lebo ambazo hazitabadilika: HAKIMU, MWENDESHA MASHTAKA, WAKILI, SM.1, SM.2, SM.3, KARANI, MKALIMANI kama yupo. Sauti usiyoitambua iite MSEMAJI ASIYEJULIKANA 1, usimpe jina kwa kubahatisha. Kisha andika. Kwa sauti safi tarajia kama saa 4 za kazi kwa kila saa ya rekodi, na kwa chumba cha mahakama chenye feni na watu wanaoingiliana fikiria 6 au zaidi. Yaani rekodi yenu inaweza kula saa 16 kabla hujaanza kusafisha. Mwambie wakili mapema, maana siku mbili za kazi zikibanwa kuwa moja, kinachopunguzwa huwa ni kule kukagua.

Weka saa ya rekodi kila msemaji anapobadilika, kwa mtindo wa saa, dakika na sekunde. Pasiposikika andika [haisikiki, 00:52:07, kama maneno matatu]. Unapodhani umesikia, andika [labda: "shamba"]. Maneno mawili yakisemwa kwa pamoja, andika kila moja kwenye mstari wake na uongeze [kwa pamoja]. Kistari kirefu kitumike kwa kauli iliyokatwa au kujikatiza, na nukta tatu kwa kauli iliyofifia yenyewe. Hilo la nukta tatu lina sharti: msomaji wa nukuu za kisheria huzisoma kama maneno yaliyoachwa na mnukuu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza weka ufafanuzi wa alama zako zote, na ukiacha maneno mwenyewe katika nakala iliyosafishwa tumia nukta tatu ndani ya mabano ya mraba.

Ishara za mikono ni suala la kuheshimu mpaka. Sauti haioni. "Kama kutoka hapa mpaka pale" inabaki hivyo. Huwezi kuandika [shahidi anaonyesha mlango]. Kinachoruhusiwa ni maneno ya hakimu au wakili aliyeielezea ishara kwa sauti, na yanabaki chini ya jina la aliyeyasema. Vivyo hivyo usiandike [analia] au [anaogopa]. Andika unachosikia: [sauti inakatika], [kimya, sekunde 6]. Kilio kinachosikika wazi unaweza kukiandika [kilio kinasikika], bila kukipa sababu.

Saa nayo iandike kwa maneno, "saa tatu", si "3:00". Tarakimu humfanya msomaji mmoja aone saa tatu ya Kiswahili na mwingine aone saa tisa. Lahaja na matamshi usiyasahihishe: "nilimuona" ibaki "nilimuona", na "shemeji", "mjomba" au "ndugu" vibaki bila kufafanuliwa. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kijiji kimoja, na swali la undugu huo ni la wakili kuuliza.

Palipo na mkalimani kuna jambo linalosahaulika sana. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, lakini shahidi anaweza kutoa ushahidi kwa lugha nyingine. Kumbukumbu hubeba maneno ya mkalimani. Rekodi yako ina yote mawili. Yatenganishe, na kama unaielewa lugha ya shahidi andika alichosema yeye kwanza. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha ilikutana na hili kila siku: mashahidi walisema Kinyarwanda, kumbukumbu zikatoka kwa Kiingereza na Kifaransa, na katika hukumu ya Akayesu ya 1998 majaji walilazimika kueleza kwa kirefu maana ya maneno kama "inyenzi" na "inkotanyi". Neno lililobeba kesi lilihitaji kuonekana lenyewe, si tafsiri yake peke yake.

Ukishamaliza, mtu mwingine asikilize akiwa na nakala yako mkononi. Asiwe aliyekuwapo mahakamani, ikiwezekana, kwa sababu aliyekuwapo husikia anachokikumbuka. Baada ya masahihisho ifunge faili hiyo, iweke tarehe, na uanze nakala ya pili.

Katika kusafisha, jiulize kila mara kama unaondoa kubabaika au kujirekebisha. "Taa ya, ya jirani" ni kubabaika: hakuna madai mawili pale, ni ulimi tu, na "ya" moja inaweza kuondoka. "Nilimwona— eee, sikumwona akiingia" ni kujirekebisha: kuna madai mawili yanayopingana, na wakili mmoja atasema shahidi aliteleza, mwingine atasema alikumbuka alichofundishwa. Kubabaika kunaondoka. Kujirekebisha kunabaki hata katika nakala safi kuliko zote, "eee" tu ndiyo itakayotoka. "Tatu hivi, tatu na nusu" nayo ibaki na mkato wake. Ukiweka "au" katikati umeamua kwamba anasitasita kati ya saa mbili, ilhali huenda alikuwa akisahihisha ya kwanza.

Kwa kipimo hicho, kipande chetu kikisafishwa kwa uaminifu kinakuwa hivi:

WAKILI: Kwa hiyo hukumwona mshtakiwa akiingia ndani?
SM.2: Ndiyo.
WAKILI: Ndiyo nini?
SM.2: Nilimwona— sikumwona akiingia. Nilimwona akitoka. Kama saa tatu hivi, tatu na nusu.
WAKILI: Kulikuwa na taa?
SM.2: Mm-mm. [kukataa] Taa ya jirani tu.
WAKILI: Umbali gani?
SM.2: Kama kutoka hapa mpaka pale.
HAKIMU: Hatua kama kumi hizo.
SM.2: Eh.

Utaona hapakuondoka vingi: "eee" moja, "ya" moja, kimya na saa za rekodi. Ndivyo inavyokuwa kwenye dodoso. Usafishaji unalipa kwingine kabisa: mabishano ya mawakili kuhusu tarehe ya kusikilizwa tena, utaratibu wa kupokea vielelezo, hotuba ndefu ya kisheria, mahojiano ya msingi ambayo hakuna anayeyabishia. Huko kurasa kumi zinaweza kuwa sita bila kupoteza kitu, na salamu za "Mheshimiwa" zinazorudiwa kila sentensi zinaweza kubaki mara moja mwanzoni mwa kila zamu.

Kwa ofisi yenu, basi, ningependekeza hivi. Nakala ya neno kwa neno ifanywe kwa rekodi yote, na wakili aitumie anapotaka kuonyesha shahidi anajipinga, anapolalamikia swali la kuongoza, anapojenga sababu ya rufaa kwamba kumbukumbu imeacha kitu, au anapohoji kama maelezo ya onyo yalitolewa kwa hiari. Maneno yoyote yatakayowekwa ndani ya alama za kunukuu katika hati yatoke humo, na nukuu inayohusu ushahidi wenyewe ilinganishwe na mwenendo uliosainiwa. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo habari: mpelekee wakili kipande cha sauti, saa yake, na ukurasa wa mwenendo, usijaribu kuzipatanisha wewe. Amri na uamuzi mdogo wa hakimu usivisafishe kamwe.

Nakala iliyosafishwa ni ya kusoma: wakili kuijua kesi jioni moja, kuandaa hoja za mwisho, kumweleza mteja kilichosemwa. Isiwafikie mashahidi wenu ambao bado hawajatoa ushahidi, maana itakuwa kama wamekaa ndani ya chumba wakisikiliza. Kama kuna mtoto au mwathirika wa kosa la kujamiiana aliyetajwa, jina na vitambulisho vyake viondoke humo kabla haijatoka mezani pako, hata wakili asipokukumbusha.

Umbo la karatasi: mistari 25 kwa ukurasa, nafasi mbili kati ya mistari, na namba za mstari zinazoanza upya kila ukurasa, kama ilivyozoeleka katika mahakama za Marekani. Kwenye Microsoft Word iko chini ya `Layout`, `Line Numbers`, `Restart Each Page`. Hapo wakili anaweza kusema "ukurasa wa 14, mstari wa 9" na kila mtu akafika. Kwa nakala iliyosafishwa, kwenye pambizo ya kila aya weka ukurasa wa nakala ya neno kwa neno ilikotoka, ili anayetilia shaka afike kwenye sauti kwa hatua mbili.

Na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila moja, kwa herufi zisizokosekana, ionekane ni ipi. Moja iandikwe: "Unukuzi wa neno kwa neno kutoka faili ya sauti. Si kumbukumbu rasmi ya mahakama." Nyingine: "Nakala iliyosafishwa kwa ajili ya kusoma. Isinukuliwe." Chini yake weka jina la aliyeandika, jina la aliyekagua, tarehe, na zile herufi za mwanzo nane za alama ya faili. Kosa linalotokea ni nakala hizo mbili kukaa kwenye folda moja zikiwa na jina moja, na miezi sita baadaye mtu akafungua ile isiyo yenyewe na kunukuu kutoka humo. Majina ya faili nayo yatofautiane mwanzoni, si mwishoni: `NENO_` kwa moja, `SAFI_` kwa nyingine, ili kwenye orodha ya kompyuta zisikae zikigusana.